Kibanda cha picha za kale: sura ikikataa kukaa, tafuta chanzo hapa

Kibanda ninachokizungumzia ni cha aina moja tu. Mgeni wa makumbusho, tuseme Mombasa au Lamu, anakaa kwenye kigoda, anapigwa picha, uso wake unaingizwa kwa kompyuta kwenye kiolezo, yaani picha iliyotayarishwa ya mtu aliyevaa nguo za kale, na baada ya dakika chache anapewa karatasi ya sentimita 10 kwa 15. Humo amekaa kwenye kiti cha enzi, kavaa kanzu, joho na kilemba, jambia kiunoni, na nyuma yake mlango wa nakshi, mithili ya picha za studio za pwani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanamke ana kiolezo chake, leso mbili, moja mwilini na moja kichwani. Ufundi wenyewe si mgeni kwetu: Omar Said Bakor wa Lamu aliunganisha vipande vya picha tofauti kuwa picha moja miaka mingi kabla ya kompyuta kufika kisiwani.

Picha ikitoka vibaya, watu wengi hukimbilia programu na kuanza kuvuta vitufe. Mara nyingi programu haina kosa. Weka picha tatu kwenye skrini kwa pamoja: ile mbichi ya mgeni, kiolezo kitupu, na picha iliyounganishwa. Kasoro ikiwa tayari iko kwenye picha mbichi, rekebisha taa, kamera au mahali pa kukaa. Ikiwa iko kwenye kiolezo, funga kibanda utengeneze kiolezo upya. Ikiwa hizo mbili ni safi na ya tatu ndiyo mbovu, hapo ndipo uifungue programu.

"Uso umebandikwa kama kinyago"

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na lina vyanzo vitatu vinavyofanana kwa mbali. Anza kutazama ukingo, kisha kivuli, kisha chembechembe.

Ukingo wa uso ukionekana kama umekatwa kwa mkasi, karibu kila mara kiolezo kilitengenezwa kwa tabaka moja: picha nzima ya mtu aliyevaa, na uso wa mgeni ukalazwa juu yake. Kiolezo kinachofanya kazi kina tabaka tatu. Chini kabisa kuna mandhari, kiti na mwili. Katikati unaingia uso wa mgeni pamoja na masikio na shingo yake. Juu kunakaa kilemba na ukosi wa joho, vilivyokatwa peke yao. Hapo nguo yenyewe ndiyo inayoficha mshono: kilemba kinakula nywele na juu ya paji, ukosi unakula chini ya shingo, na kwako inabaki kazi ya mashavu tu. Kwa kiolezo cha kike, leso ya kichwani inafunika karibu ukingo wote. Faida yake nyingine ni kwamba dada aliyevaa mtandio hana haja ya kuuvua, maana unachohitaji kwake ni duara la uso, nalo analionyesha tayari.

Hata kwa tabaka tatu, kilemba bila kivuli kitaonekana kinaelea. Tengeneza tabaka jembamba la kahawia iliyokolea chini ya ukingo wa kilemba, lififishe pande zote, na uliweke kwenye hali ya `Multiply`, inayotia giza kilicho chini ya tabaka. Fanya vivyo hivyo chini ya kidevu, pale joho linapoanza. Tabaka hizi mbili unazitengeneza mara moja, zinabaki ndani ya kiolezo, na kila mgeni anapita chini yake.

Ukingo ukiwa safi na bado uso unakataa, tazama kivuli cha pua. Kwenye kiolezo changu mwanga unatoka kushoto, juu kidogo, kama dirisha la studio ya zamani. Mgeni akipigwa picha chini ya hema jeupe, mwanga unamjia kila upande, pua haina kivuli, na uso unakuwa bapa ndani ya picha yenye vivuli. Chini ya taa za mirija za darini ni vibaya zaidi: macho yanaingia shimoni na ngozi inapata ukijani. Dawa ni taa moja kubwa iliyofunikwa kitambaa cheupe, upande uleule wa mwanga wa kiolezo, na pazia zito la kuzuia mwanga mwingine. Ukitaka uhakika, kuza jicho la mgeni kwenye picha mbichi, kisha jicho la yule aliyekaa kwa ajili ya kiolezo. Kile kidoa cheupe cha taa ndani ya mboni kiwe upande mmoja.

Wapo wanaomaliza tatizo la mwanga kwa kugeuza picha ya mgeni kushoto kulia. Usifanye hivyo. Yeye mwenyewe hatashtuka kwa kuwa amezoea kujiona kwenye kioo, lakini akifika nyumbani mamake ataona kovu limehama shavu. Kama ni lazima kugeuza, geuza kiolezo, na hakikisha hakina maandishi. Leso yenye jina lililoandikwa kinyumenyume inachekesha watu kwa sababu zisizofaa.

Chembechembe ndizo za mwisho. Kiolezo kilichopewa sura ya kizamani kina ukungu kidogo na punje, uso wa mgeni umetoka kwenye kamera ya leo ukiwa mkali hadi vinyweleo. Unganisha kwanza kila kitu kikiwa safi na chenye rangi. Rangi ya kahawia, ukungu na punje viwekwe mwisho kabisa, juu ya picha nzima. Kiolezo kilichokwisha kuzeeshwa kabla ya uso kuingia kitakusumbua siku nzima.

"Pua imekuwa kubwa, masikio yamepotea"

Hapa mgeni anatambulika, lakini uso ni kama umevutwa mbele. Chanzo ni umbali. Simu ikishikwa kwa urefu wa mkono, pua iko karibu na lenzi kuliko masikio kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo inavimba na masikio yanajificha nyuma ya mashavu. Kiolezo kilipigwa kutoka mita mbili na nusu. Hakuna kitufe kitakachorekebisha tofauti hiyo vizuri, kwa sababu kinachokosekana, yaani pembeni mwa uso, hakikupigwa kamwe.

Kiwekee kigoda alama ya utepe sakafuni, stendi ya kamera nayo iwe na alama yake mita mbili na nusu mbele, na ukuze picha kwa lenzi badala ya kusogea. Wasaidizi watasogea kila wakichoka, ndiyo maana utepe una thamani kuliko maelekezo.

Urefu wa kamera una dalili yake. Ukiona matundu ya pua kwa mgeni lakini mtu wa kiolezo anatazama mbele moja kwa moja, kamera iko chini mno. Kigoda cha kuzungusha kinachopanda na kushuka ni bora kuliko kuhangaika na stendi, maana kamera inabaki palepale ilipokuwa na macho ya mgeni ndiyo yanayoletwa kwake.

Watoto wana tatizo lao. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kulinganisha na mabega yake, hivyo uso wake ukiingizwa kwenye kiolezo cha mtu mzima, huwezi kupata ukubwa ulio sawa: ukilinganisha macho, kidevu kinakuwa juu mno, ukilinganisha kidevu, kichwa kinajaa kilemba. Usipoteze muda. Tengeneza kiolezo cha mtoto, kanzu na kofia tu, kwa kumpiga picha mtoto.

"Mwanangu, huyu si mimi"

Kwa ukingo mbaya mgeni atacheka. Hapa hatacheka, na ana haki. Bibi mweusi tii anapokea picha yake akiwa maji ya kunde, au rangi ya majivu, na anairudisha mezani.

Tuifuatilie kasoro hii hatua kwa hatua. Mtu aliyekaa kwa ajili ya kiolezo ni maji ya kunde. Shingo na mikono yake imo kwenye picha. Bibi anapigwa picha, na programu ya kuunganisha imewekwa kwenye `seamlessClone` ya OpenCV, maktaba ya msimbo wa kuchakata picha, au kifaa kingine chenye hesabu hiyohiyo. Hesabu hii haichukui rangi za uso kama zilivyo. Inachukua jinsi mwanga unavyopanda na kushuka kutoka pikseli hadi pikseli ndani ya uso, kisha inaanzia kwenye rangi za kiolezo pale ukingoni na kuzisambaza ndani. Mshono unapotea kweli, ila umepotea kwa kumpaka bibi ngozi ya mtu mwingine. Programu haijaharibika. Imefanya ilichotungiwa, na wewe ndiye uliyeichagua.

Jaribio la kuthibitisha ni dogo. Zima uunganishaji na ulaze uso wa bibi kama ulivyo. Rangi yake ikirudi, chanzo ni hicho. Isiporudi, fungua picha mbichi: huenda amepigwa akiwa gizani. Kamera ikijiamulia yenyewe mbele ya kitambaa cheupe, inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso mweusi unapoteza maumbo yake yote. Weka kitambaa cha kijivu au kahawia nyuma ya mgeni, gusa uso wake kwenye skrini ya kamera ili ipime hapo, na ufunge kipimo.

Chanzo kikiwa uunganishaji, dawa ni kugeuza mwelekeo wa kazi: kiolezo kimfuate mgeni. Laza uso kwa ukingo uliofifishwa pikseli chache tu, uache nguo zifiche mshono, halafu ubadilishe rangi ya ngozi iliyobaki ya kiolezo. Ndiyo maana shingo na mikono iwe tabaka la pekee, tayari kwa `Curves`, kifaa cha kurekebisha mwanga na rangi ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha. Kwa shingo, uso wa mgeni unakuja na shingo yake, kwa hiyo mara nyingi hakuna cha kubadilisha. Mikono ndiyo inayoumbua watu. Njia ninayoipenda ni kumwambia mtu wa kiolezo aifiche mikono ndani ya mikunjo ya joho. Kama unataka mkono uonekane kwenye mpini wa jambia, basi piga kiolezo kilekile, mkao uleule, na watu wanne wa ngozi tofauti, uchague mkono unaomkaribia mgeni.

Usidhani rangi ya kahawia ya kizamani itafunika tatizo. Itaficha wekundu na unjano, lakini weusi na weupe vinabaki. Tena ina mtego wake: plati nyingi za enzi zile, zile zilizowekwa ndani ya kamera kunasa picha, hazikuona wekundu, kwa hiyo ngozi ya kahawia ilitoka nyeusi kuliko ilivyoonekana kwa macho. Ukiigiza plati hizo kwa kutumia chaneli ya buluu au ya kijani peke yake, unamtia mgeni giza kwa jina la uhalisia. Chukua sehemu kubwa kutoka chaneli nyekundu, maumbo ya uso yatarudi. Hapa mimi niko tayari kuiacha historia ya kemikali ili mtu ajitambue.

Programu inakamata uso usio wake, au haikamati kabisa

Hili linahusu walioweka kompyuta itafute uso yenyewe. Kigunduzi cha kawaida cha `dlib`, maktaba ya msimbo inayotafuta nyuso, kinafanya kazi kwa kutazama tofauti za giza na mwanga, na kinataka uso unaotazama mbele. Kikikataa uso, kwanza ongeza mwanga, kisha mwombe mgeni anyanyue kidevu na avue miwani. Kwa kawaida kimekwama kwenye kivuli.

Kikikamata uso usio wake, jambo ni zito zaidi. Mpita njia aliyesimama nyuma ya kigoda hakukubali kupigwa wala kuchapwa, na sasa ndiye amevaa kilemba. Funga kitambaa nyuma hadi chini, na uiambie programu isimame kila inapoona idadi isiyo moja:

```python
import dlib
picha = dlib.load_rgb_image("mgeni_042.jpg")
nyuso = dlib.get_frontal_face_detector()(picha, 1)
if len(nyuso) != 1:
    raise SystemExit("Piga tena. Nyuso: %d" % len(nyuso))
```

Picha iliyokataliwa ifutwe hapohapo, isibaki kwenye folda.

Dalili nyingine ya njia hii ni uso uliokaa vizuri kwa ukubwa lakini umehama kidogo, juu au pembeni, kila mara kwa kiasi tofauti. `seamlessClone` inaomba nukta ya katikati, na watu huipa katikati ya uso au ya picha. Inachotaka ni katikati ya mstatili unaozunguka maski, yaani umbo linaloonyesha sehemu ya uso inayobandikwa:

```python
import cv2
x, y, w, h = cv2.boundingRect(maski)
kati = (x + w // 2, y + h // 2)
```

Kwa kibanda cha wikendi moja, mimi ningeacha yote haya na kuweka mtu mmoja mzoefu wa GIMP. Macho yake yatakamata kasoro ambazo hakuna mstari wa msimbo unaozijua.

Kwenye skrini safi, kwenye karatasi giza

Skrini imepandishwa mwanga hadi mwisho kwa sababu kibanda kina jua, na fundi anarekebisha picha kwa kuifuata skrini hiyo. Karatasi haina taa nyuma yake. Kabla ya kufungua, chapa picha za watu watatu wa ngozi tofauti, uzitazame nje ya hema, na ushushe skrini hadi ifanane nazo. Ukishaweka kiwango hicho usikiguse tena.

Uso ukitoka na ukungu kwenye karatasi tu, hesabu pikseli. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 1181 kwa 1772. Kiolezo cha mwili mzima, kiti na mlango kinaacha nafasi finyu mno kwa uso, hata kama faili lina ukubwa unaotakiwa. Kata kiolezo kuanzia magotini kwenda juu. Watu hununua sura, mlango utajitegemea.

Wazee wanatikisa kichwa

Picha ni safi, sura imekaa, na bado mzee wa Mji wa Kale anaitazama anaguna. Kawaida kilichomkera ni kitu kidogo: leso yenye maandishi ya herufi za Kilatini kwenye mandhari inayodaiwa kuwa ya 1895, ilhali maandishi ya leso yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu. Au jambia limefungwa pembeni kama kisu cha jikoni, wakati mahali pake ni mbele, katikati ya kiuno. Mpe mzee kama huyo kiolezo akikague kabla hujamwita mgeni wa kwanza.

Mara nyingine kinachomkera ni mwili. Ukichukua picha ya kweli ya zamani na kumtoa mtu uso ili wageni waingie, yule aliyetolewa ni babu wa mtu, na hapa pwani mjukuu wake anaweza kuwa amesimama kwenye foleni. Piga kiolezo chako mwenyewe, na mtu uliyemlipa, kwa nguo ulizokodi. Mandhari za watumwa usiziguse kabisa, hata mteja akizidai.

Tabasamu la meno yote nalo linaharibu picha za aina hii. Waombe wageni wafunge midomo, wavue vipokea sauti vya masikioni, basi.

Mgeni kapewa picha ya mwingine, au kataka yake ifutwe na haionekani

Matatizo haya mawili yana mzizi mmoja: faili hazina jina linaloeleweka. Fundi mmoja anatumia dakika tatu au nne kwa kila uso, mpiga picha anatumia moja, kwa hiyo sura zinarundikana kwenye kompyuta bila mwenyewe. Ukiona foleni ya nje inakwenda haraka na ya kuchukua imekwama, ongeza fundi wa pili au punguza mwendo wa kupiga. Usiongeze printa.

Toa tikiti yenye namba. Picha ya kwanza ya kila mgeni awe ameishika tikiti hiyo kifuani, ya pili bila tikiti, na faili zote zibebe namba hiyo hadi mwisho. Kwenye kijisehemu cha tikiti kinachobaki kwako, mgeni anatia alama kwenye mambo mawili yaliyotenganishwa: nakubali uso wangu uwekwe kwenye kiolezo, nakubali picha itumike kwenye matangazo ya makumbusho. Wengi watakubali la kwanza na kukataa la pili. Ukiyafunga kwenye saini moja, hujui umekubaliwa nini.

Kenya hili lina sheria, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kwa mtoto anayekubali ni mzazi au mlezi, si mwalimu aliyeleta darasa kwa basi. Shule ikitaka kuja, fomu zitangulie nyumbani. Aliyekubali anaweza pia kubadili nia. Akirudi na tikiti yake, fundi atafute namba kwenye folda nne: picha mbichi, kazi inayoendelea, zilizokamilika, na foleni ya printa. Ile ya nne ndiyo inayosahaulika, kwa sababu kompyuta inaweza kubaki na nakala ya kilichochapwa hadi uisafishe. Kadi ya kamera nayo ifutwe, na simu ya msaidizi ikaguliwe kama aliitumia kupiga. Ambao hawakuruhusu matangazo, futa zao zote jioni ileile, kabla kompyuta haijatoka kibandani.